PP2 hutoka adhuhuri, mzazi hutoka jioni: Jinsi nyumba tatu zinavyoweza kuajiri yaya mmoja

Kabla ya saa moja asubuhi, matatu zinazopita Maili Nne huwa tayari zimejaa. Zinazoelekea mjini Eldoret hubeba wauguzi, wauzaji wa maduka na wafanyakazi wa viwandani. Zinazoelekea Jua Kali na Turbo hubeba walimu na watu wa mashamba makubwa. Wengi wao wamepanga nyumba Huruma, Kapsaos, Kiplombe au Turbo kwenyewe kwa sababu ya kazi, na jamaa zao wako Bungoma, Kakamega, Kisii, Nandi au mbali zaidi. Nyanya anayeweza kukaa na mtoto yupo, lakini yupo kwa nauli ya matatu mbili.

Pengo la wazazi hawa linaweza kupimwa kwa kalenda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Darasa la PP1 humpokea mtoto akiwa na umri wa miaka minne. Kutoka siku mama anaporudi kazini hadi siku mtoto anapovaa sare ni miaka mitatu na miezi tisa. Hata baada ya hapo shida haiishi, kwa kuwa watoto wengi wa PP1 na PP2 hutoka shuleni karibu saa sita mchana. Wakubwa wao nao, kwa mujibu wa Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, masomo yao huisha saa tisa na nusu, na michezo saa kumi na dakika arobaini na tano. Mzazi anayefunga kazi saa kumi na moja mjini na kupanda matatu hafiki nyumbani kabla ya yeyote kati yao.

Wengi hutegemea jirani mwema. Mpango huo hudumu hadi siku jirani anapopata kibarua au kukasirika. Kuajiri yaya peke yako ni gharama ambayo mshahara mmoja wa kawaida hauwezi kubeba pamoja na kodi ya nyumba. Kati ya njia hizo mbili kuna ya tatu ambayo haitumiki sana, nayo ni nyumba mbili au tatu za ploti moja kuajiri yaya mmoja kwa pamoja. Inaweza kufanya kazi vizuri, lakini inahitaji hesabu na karatasi kabla ya mtu yeyote kuanza kazi.

Nyumba tatu, watoto watatu

Tuchukue mfano wa ploti moja Huruma. Nyumba ya kwanza ina baba na mama wanaofanya kazi wote wawili, na mtoto wa miezi minane. Ya pili ni ya mama anayelea peke yake na kuuza duka la watu mjini. Mtoto wake ana miaka miwili na nusu. Ya tatu ina mtoto wa PP2 anayetoka shuleni saa sita.

Jambo la kwanza kukubaliana ni saa za kazi, wala si pesa. Wazazi wengi humtaka yaya aanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumaliza saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Hizo ni saa 69 kwa wiki. Agizo la jumla la mishahara nchini huweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52, na yaya ni mfanyakazi kama wengine. Hivyo nyumba hizo tatu zinaweza kuamua kwamba yaya ataanza saa moja asubuhi na kumaliza saa kumi na moja na nusu jioni, siku tano. Hiyo ni saa 52 na nusu, na nusu saa inayozidi huondolewa kwa kufunga saa kumi na moja kamili siku ya Ijumaa.

Jumamosi basi ni ya wazazi wenyewe kwa zamu, kila nyumba Jumamosi moja kati ya tatu. Mama wa duka hufanya kazi kila Jumamosi, kwa hivyo hawezi kushika zamu hiyo. Anaweza kuilipia kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kuwachukua watoto wote Jumapili alasiri au kununua gesi ya kupikia uji. La maana ni kwamba jambo hilo lisemwe mapema. Zamu isiyosemwa huwa ndiyo ya kwanza kuleta maneno.

Sasa pesa. Kiwango cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, na hutofautiana kati ya miji mikubwa, miji iliyokuwa manispaa na maeneo mengine. Ndiyo maana yaya wa Huruma na yaya wa shambani karibu na Turbo huenda wasiwe na kiwango kimoja, na ofisi ya leba ndiyo inayoweza kueleza kinachotumika mahali husika. Kwa ajili ya hesabu hii, tuseme wamekubaliana shilingi 15,000 kwa mwezi. Mwajiri huongeza mchango wa NSSF wa asilimia 6, yaani shilingi 900, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, yaani shilingi 225. Jumla ni shilingi 16,125. Upande wa yaya nao una makato yake: NSSF na ushuru wa nyumba kwa viwango hivyo hivyo, na bima ya afya ya SHA ya asilimia 2.75. Mkononi atapokea takriban shilingi 13,460. Aelezwe hivyo siku ya mazungumzo, asije akagundua mwisho wa mwezi na kudhani ameibiwa.

Kugawa kwa tatu ni rahisi, shilingi 5,375 kila nyumba, lakini nyumba ya tatu italalamika na ina haki. Mtoto wake hukaa na yaya kuanzia adhuhuri tu. Njia ya haki zaidi ni kugawa kwa saa. Mtoto wa miezi minane ana saa 52 kwa wiki, na wa miaka miwili na nusu vile vile 52. Wa PP2 ana saa tano na nusu kwa siku, na tano siku ya Ijumaa, yaani 27. Zote pamoja ni 131. Gharama ikigawanywa kwa hesabu hiyo, nyumba mbili za kwanza zitalipa takriban shilingi 6,400 kila moja na ya tatu shilingi 3,325. Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, mtoto wa PP2 hukaa kutwa nzima, na hapo nyumba zote hurudi kwa shilingi 5,375. Mzazi asitegemee masomo ya ziada kujaza likizo, maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayakataza.

Kuchelewa pia kuwekwe bei. Kwa mshahara huo, saa moja ya ziada siku ya kazi, inayolipwa mara moja na nusu, ni karibu shilingi 100. Aliyekwama kwenye msongamano ndiye anayelipa, na pesa hizo humwendea yaya moja kwa moja. Bila sheria hiyo, mzazi mmoja huanza kuchelewa nusu saa kila siku na wengine wawili wanagharamia bila kujua, kwa yaya aliyechoka.

Karatasi mbili

Sheria ya Ajira inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe. Kama mfanyakazi hajui kusoma, asomewe kwa lugha anayoielewa kisha aweke alama ya kidole gumba. Mkataba utaje kazi yenyewe, saa, mshahara, siku moja ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Ili kurahisisha mambo, nyumba moja huandikwa kuwa mwajiri, na nyingine huilipa nyumba hiyo kabla ya tarehe ya mshahara.

Hapo ndipo karatasi ya pili inapohitajika, ile ya nyumba kwa nyumba. Mambo matatu tu yanatosha ndani yake: kila nyumba inalipa kiasi gani na tarehe gani, nani anakaa na watoto yaya akiwa likizo au mgonjwa, na nyumba inayotaka kutoka itoe notisi ya muda gani. Hilo la mwisho ndilo linalovunja mipango mingi. Mzazi akihamishwa kazi ghafla, nyumba mbili zilizobaki zinajikuta zikigawana shilingi 16,125, yaani zaidi ya shilingi 8,000 kila moja. Yaya anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi, na ni busara nyumba nazo zipeane muda huo huo ili zipate wakati wa kutafuta ya tatu.

Yaya mwenyewe awe na kitambulisho cha taifa, maana yake ametimiza miaka 18. Msichana wa shule aliyeletwa kutoka kijijini “asaidie kidogo” si jibu. Ni mtoto anayestahili kuwa darasani, na hawezi kuamua la kufanya mtoto mchanga anapopandwa na homa ghafla. Wazazi wapige simu kwa waajiri wawili waliotangulia, na wamwombe yaya cheti cha maadili mema cha DCI, ambacho huombwa kupitia eCitizen. Ni vizuri nyumba tatu zikachangia ada yake, kwa kuwa zinazokitaka ni zenyewe. Wiki ya kwanza mzazi mmoja achukue siku mbili za likizo akae naye. Wiki ya pili mmoja wao arudi nyumbani saa nne asubuhi bila kusema. Si uchunguzi wa kumvizia mtu. Aambiwe tangu mwanzo kwamba wazazi watakuwa wakipita wakati wowote.

Nyumba ya kulelea

Watoto wadogo hutulia wanapobaki katika nyumba moja kuliko wanapohamishwa kila wiki. Nyumba inayochaguliwa ipunguziwe kidogo kwenye mchango kwa ajili ya maji na umeme. Kabla ya siku ya kwanza, wazazi wote watatu waingie ndani pamoja wakitazama kwa macho ya mtoto anayetambaa. Ndoo na karai zenye maji zifunikwe au zimwagwe, kwa sababu mtoto wa umri huo anaweza kuzama ndani ya karai la maji machache. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Jiko la makaa lisiingizwe ndani madirisha yakiwa yamefungwa, hata katika baridi ya Julai. Gesi inayotoka kwenye makaa haina harufu, na watoto huonekana tu kana kwamba wamelala.

Mama anayenyonyesha anaweza kukamua maziwa na kuyaacha. Bila friji, yatumiwe ndani ya muda wa saa nne. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Mtoto alishwe kwa kikombe kidogo kilichooshwa kwa maji yaliyochemka, na maziwa yanayobaki baada ya kunywa yasihifadhiwe kwa ajili ya jioni.

Kuhusu ugonjwa, kanuni iwe moja kwa wote: mtoto mwenye homa, anayeharisha, anayetapika au aliyetokwa na vipele visivyojulikana hubaki na mzazi wake siku hiyo, na mchango wake haurudishwi. Inaonekana kali hadi siku watoto wote watatu wanapoharisha wiki moja na wazazi watano kukosa kazi.

Kumchukua wa PP2 ni swali lake lenyewe. Kama shule iko mwendo wa dakika kumi kwa njia za ndani ya mtaa, yaya anaweza kumbeba mdogo mgongoni, akamshika wa pili mkono na kwenda. Kama kuna kuvuka barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba, asiende na watoto watatu. Hapo wazazi wakubaliane na mhudumu mmoja wa bodaboda wanayemjua, na si yeyote aliyepo stejini. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, kwa hivyo wale watoto watatu wanaoonekana wamepangwa kati ya mhudumu na mtu wa nyuma ni kosa, hata kama safari ni fupi. Mwalimu wa darasa apewe kwa maandishi majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na aombwe asimkabidhi mwingine yeyote bila kumpigia mzazi simu.

Ikiwa kituo ndicho kinachowezekana

Si kila ploti ina nyumba tatu zinazoelewana, na shilingi 6,400 bado ni nyingi kwa mama wa duka. Akipata kituo cha malezi ya mchana, ambacho wengi huita tu “deikea”, kwa shilingi 150 kwa siku, siku 22 ni shilingi 3,300, karibu nusu. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama mzazi atabaki kazini. Katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, watafiti waliwapa akina mama vocha za kulipia vituo vya aina hiyo na kuwalinganisha na wasiopewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopata vocha walikuwa na uwezekano wa kuwa na kazi ulio juu kwa takriban asilimia 17 kuliko wenzao.

Katiba ya 2010 inataja vituo vya kulelea watoto miongoni mwa majukumu ya kaunti, pamoja na elimu ya chekechea. Lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, vingi mitaani ni nyumba ya mama mmoja aliyeona jirani zake wanahangaika. Baadhi ni bora sana. Baadhi ni chumba kimoja chenye watoto kumi na watano. Mzazi anaweza kuvitofautisha bila utaalamu wowote.

Atembelee saa nne asubuhi, wala si saa moja wakati kila kitu kimepangwa kwa ajili ya kupokea. Ahesabu watu wazima, kisha ahesabu wasioweza kutembea. Swali la kujiuliza ni hili: moto ukizuka, mama huyu anaweza kutoka na wangapi? Mtu mmoja mwenye watoto wachanga zaidi ya watatu au wanne hawezi kuwalisha, kuwabadilisha na kuwaangalia kwa wakati mmoja, hata akiwa na upendo wa namna gani. Kwa watoto wanaotembea idadi inaweza kupanda.

Baada ya mtoto kuanza, ushahidi uko kwenye mfuko wake. Aliyepelekwa na nepi nne akarudi na tatu safi alibadilishwa mara moja kutwa nzima. Chakula kinachorudi kama kilivyokwenda kila siku kinasema jambo. Kubwa zaidi ni usingizi. Mtoto kulala jioni baada ya kucheza ni kawaida. Mtoto anayekutwa amelala kila siku, akiwa mzito kuamka, hataki kula, kisha anakesha usiku, huenda anapewa dawa ya mafua yenye kuleta usingizi ili atulie. Mzazi amlinganishe na anavyokuwa Jumapili nyumbani. Tofauti ikiwa kubwa, ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, amweleze mhudumu anachoshuku, na asimrudishe kule kabla ya kupata majibu.

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ni mtu mzuri wa kuuliza kabla ya kuchagua, kwa kuwa kila mmoja hutembelea takriban nyumba mia moja na anajua ni wapi watoto hupata chanjo zao na wapi huharisha kila mara. Anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa, awe wake au wa mwingine, anaweza kupiga 116 bila malipo, au kufika kwa chifu au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Hahitaji kuwa na ushahidi kamili mkononi ili kusikilizwa.